Kugeuza cheti cha mwandiko wa mbio kuwa lebo inayosomeka: dawa mbili za maji za mtoto

Mwongozo huu ni wa mtoa dawa wa famasi au wa duka la dawa muhimu ambaye mkononi ana cheti kilichoandikwa mbio, na dirishani ana mama mwenye mtoto mgongoni. Tutafuata cheti kimoja tangu kinapopokelewa hadi mama anapoondoka na chupa zake mbili. Tumechagua dawa za maji kwa makusudi. Ukikosea kwenye vidonge, mara nyingi idadi yenyewe itakushtua. Kwenye dawa ya maji kosa linajificha ndani ya chupa, na chupa ya dozi sahihi haina tofauti kwa macho na chupa ya dozi mara mbili.

Cheti chenyewe, kama kilivyo:

```
Age 8/12    Wt 7 kg
Susp Amoxy 250 bd 5/7
Syr PCM 4mls tds prn
```

Kila utakachoandika kwenye lebo kinapaswa kueleweka na mtu ambaye hakuwepo dirishani. Dozi ya jioni huenda ikatolewa na bibi, au na dada wa kazi ambaye hajui hata mtoto anaumwa nini. Yeye ndiye msomaji wako.

1. Soma cheti chote kabla ya kushika chupa

Anza na sehemu za namba, kwa sababu mwandiko mmoja unabeba maana tofauti. Chini ya mstari, 7 ni siku, 52 ni wiki, 12 ni miezi. Kwa hiyo 8/12 juu ya cheti ni umri wa miezi 8, wala si tarehe 8 Desemba, na 5/7 ni siku 5, si "siku 5 mpaka 7". Kisha vifupisho: bd ni mara 2 kwa siku, tds ni mara 3, prn ni pale inapohitajika tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoruhusiwa kuingia kwenye lebo. Hata ile 1x3 tuliyoizoea haifai, maana kuna wanaoisoma "kidonge kimoja kwa siku tatu".

Sasa tazama kisichoandikwa. Mstari wa kwanza wa dawa una 250 isiyo na kipimo. Inaweza kuwa miligramu 250 kwa dozi. Inaweza pia kuwa nguvu ya chupa, yaani miligramu 250 katika ml 5, na aliyeandika akasahau kutaja ml ngapi. Mstari wa pili wa dawa una kosa la upande wa pili: ml zimetajwa, nguvu ya chupa haikutajwa, na muda haupo kabisa.

Mwandiko ukikulazimisha kukisia jina la dawa, simama hapo hapo. CPM na CPZ zinatofautiana kwa herufi moja. Ya kwanza ni dawa ya mzio na mafua, ya pili ni dawa ya magonjwa ya akili. Swali rahisi linasaidia sana: "Mama, daktari amesema mtoto ana nini?" Akijibu kwamba kifua kimebana na ana homa, amoksilini na parasetamoli zinaingia akilini. Jibu lisipoendana na jina unalodhani umelisoma, usitoe.

2. Pima uzito, kisha piga simu

Mrudishe mtoto kwenye mizani kama unayo, au tazama kadi ya kliniki. Kilo 7 iliyoandikwa mbio inaweza kuwa 1 au 9 iliyopinda, na uzito ndio utakaokuambia kama dozi ina akili.

Kwa nimonia, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamweka mtoto mwenye kilo 4 hadi chini ya 10 kwenye miligramu 250 za amoksilini mara 2 kwa siku. Mtoto wetu ana kilo 7, kwa hiyo miligramu 250 kwa dozi inaingia. Parasetamoli kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, yaani miligramu 70 hadi 105 kwa mtoto huyu. Kama aliyeandika alikuwa akifikiria chupa ya miligramu 120 katika ml 5, kila ml ina miligramu 24, na ml 4 zinatoa miligramu 96. Hii pia inaingia.

Kuingia kwenye hesabu kunakupa swali zuri la kuuliza. Hakukupi ruhusa ya kujijazia cheti. Namba ya kituo ipo juu ya karatasi. Piga, na usiulize "hii 250 ni nini?", kwa sababu mtu mwenye foleni atajibu "andika tu kama ilivyo". Uliza swali lililokamilika: "Mtoto wa miezi 8, kilo 7. Amoksilini ni miligramu 250 kwa kila dozi, mara 2 kwa siku, siku 5? Na parasetamoli ml 4 ni za ile chupa ya 120 kwa ml 5, kwa siku ngapi?" Jibu liandike nyuma ya cheti pamoja na saa na jina la aliyejibu. Kwenye mfano wetu jibu ni ndiyo, na parasetamoli isizidi siku 3.

3. Badilisha miligramu kuwa ml kwa chupa uliyoishika

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Amoksilini ya unga wa kuchanganya huja kwa nguvu mbili ambazo chupa zake zinafanana, wakati mwingine hadi rangi ya boksi:

```
ml za dozi = mg zinazotakiwa ÷ mg za kwenye chupa × ml za kwenye chupa

125 mg/5 ml:   250 ÷ 125 × 5 = 10 ml
250 mg/5 ml:   250 ÷ 250 × 5 =  5 ml
```

Mtoa dawa aliyezoea kuandika "ml 5" akichukua chupa ya 125, mtoto anapata nusu ya dozi, na baada ya siku tatu mama anarudi akisema dawa haifanyi kazi. Akiandika "ml 10" kwenye chupa ya 250, mtoto anapata mara mbili. Kwa hiyo fanya hesabu ukiwa umeishika chupa yenyewe, na nguvu uliyoisoma juu yake iandike kwenye lebo kando ya jina la dawa. Siku mama akirudi kuongeza chupa na wewe hupo zamu, mwenzako ataona kwamba ml hizo ni za nguvu gani.

Angalia pia kama chupa inatosha. Dozi 10 za ml 10 ni ml 100 kamili, sawasawa na chupa nzima. Kwa karatasi imetosha. Nyumbani haitoshi, kwa sababu nyingine inabaki kwenye kuta za chupa, nyingine inamwagika mtoto akigeuza uso, na dozi ya kumi inakuwa pungufu. Ukiwa na chupa ya 250, dozi 10 za ml 5 ni ml 50 tu. Dawa inatosha, na kichanga anamezeshwa nusu ya ujazo. Tungechagua hiyo. Vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250 ni vizuri zaidi kwa nyumba isiyo na friji: kimoja kwa dozi, kinayeyushwa kwenye maji safi kidogo, vidonge 10 basi. Ila kama cheti kimesema dawa ya maji, mabadiliko hayo yataje kwenye ile ile simu.

Kwa parasetamoli hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa cheti kimetaja ml. Ml 4 za chupa ya 250 kwa ml 5 ni miligramu 200. Ml 4 za matone ya watoto yenye miligramu 100 katika kila ml ni miligramu 400, karibu mara nne ya kiwango cha juu cha mtoto huyu. Ukikosa chupa ya 120, usinakili ile 4. Rudi kwenye miligramu 96, piga hesabu upya, na umjulishe aliyeandika.

4. Geuza "mara 2" na "mara 3" kuwa saa

"Kutwa mara 2" inaeleweka, lakini haisemi zipangwe vipi. Mama anaweza kumpa mtoto dozi ya asubuhi na ya mchana, kisha usiku mzima ukapita mtupu. Andika saa, na usiiache saa bila wakati wake: "saa 1" peke yake ni mbili kwa siku. Wengi siku hizi wanaweka kengele ya simu, na simu inahesabu kwa namna nyingine, kwa hiyo weka zote mbili: saa 1 asubuhi (07:00) na saa 1 jioni (19:00). Kwa dawa ya mara 3 inayotakiwa kupangwa sawasawa, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku zinaachana kwa masaa 8 bila kumwamsha mtu usiku wa manane.

Epuka kuandika "kila saa 6". Mtu anaweza kuelewa saa 6 mchana na saa 6 usiku. Andika "baada ya masaa 6 kupita tangu dozi iliyopita".

Usiongeze "baada ya chakula" kwa mazoea. Amoksilini inaweza kutolewa na chakula au bila chakula. Mtoto mwenye homa mara nyingi hakubali kula, na mama mtiifu anayesoma "baada ya chakula" ataishikilia dozi hadi kesho. Maneno hayo yaweke pale dawa inapoyahitaji kweli, kama dawa mseto ya malaria ya artemetha na lumefantrini, ambayo hufyonzwa vizuri zaidi ikienda na chakula chenye mafuta au maziwa. Dawa hiyo hiyo inaonyesha pia kwa nini bd haitafsiriki kila mara kwa "asubuhi na jioni": dozi ya pili inafuata masaa 8 baada ya ya kwanza, ndipo siku ya pili na ya tatu ziwe asubuhi na jioni. Aliyemeza ya kwanza saa 10 jioni aandikiwe wazi kwamba ya pili ni saa 6 usiku wa leo.

5. Maliza kwa tarehe, si kwa "siku 5" tu

Mama amekuja Jumatatu tarehe 10/3/2025 alasiri, na dozi ya kwanza itakuwa saa 1 jioni. Ukiandika "siku 5", atahesabu Jumatatu kuwa siku ya kwanza na Ijumaa usiku ataacha. Hesabu: Jumatatu dozi moja, Jumanne hadi Ijumaa dozi mbili mbili. Jumla ni 9, na imebaki moja. Dozi ya kumi ni Jumamosi tarehe 15 asubuhi, na hiyo ndiyo inayoandikwa. Kisha ongeza kitakachofuata, kwa kuwa chupa ya 250 itabaki na dawa: kinachobaki kimwagwe. Bila mstari huo, nusu chupa itakaa kabatini ikimsubiri mdogo wake.

6. Changanya, kisha amua ihifadhiwe wapi

Kama dozi ya kwanza ni leo, changanya unga mwenyewe kabla chupa haijatoka. Gonga chupa unga ulegee. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, kiasi kilichotajwa kwenye boksi. Weka kwanza kama nusu, funga, tikisa hadi pasibaki donge chini, ndipo uongeze hadi alama. Ukijaza mara moja hadi alama kabla ya kutikisa, unga ukishalowa usawa unashuka, na ukiacha hivyo dawa inakuwa nzito kuliko ilivyopangwa. Povu nalo hudanganya jicho, kwa hiyo lisubiri litulie kabla ya kusoma alama.

Chupa ikishachanganywa, tarehe ya kwisha muda iliyochapwa na kiwanda haihusu tena. Ilikuwa ya unga mkavu. Amoksilini iliyochanganywa hupewa siku 7 na viwanda vingine na 14 na vingine, kwa hiyo fuata karatasi ya chupa hiyo. Andika tarehe ya kuchanganya na tarehe ya mwisho kutumika.

"Hifadhi mahali pakavu penye ubaridi" ni maneno ya kiwanda. Mtu wa chumba kimoja chenye bati, Dar es Salaam mwezi wa Machi, hajui ni wapi hapo. Muulize kama ana friji. Kama anayo, andika "ndani ya friji, si kwenye sehemu ya barafu". Kama hana, mtajie mahali: sakafuni kivulini karibu na mtungi wa maji, mbali na jiko, dirisha na juu ya kabati, mtoto asipofika. Usipeleke kila dawa ya maji kwenye friji kwa mazoea. Amoksilini yenye klavulaneti ikishachanganywa inahitaji friji kweli, na kama nyumbani hakuna, hilo ni jambo la kumpigia simu aliyeandika kabla ya kutoa. Klarithromisini iliyochanganywa haitakiwi friji kabisa. Inakuwa nzito na chungu zaidi, mtoto anaitema. Parasetamoli ya maji haina shida, inakaa kwenye joto la kawaida la chumba mbali na jua.

7. Andika lebo

Tumia herufi kubwa na kalamu ya wino usiofutika. Ibandike kwenye chupa, maana boksi hutupwa siku ya kwanza, na usizibe alama ya ujazo wala namba ya bechi. Juu yake pitisha gundi ya karatasi angavu, kwa kuwa dawa itatiririka kwenye shingo ya chupa na kula maandishi. Jina la dawa liandike kama lilivyochapwa kwenye chupa, ili yeyote aweze kulinganisha.

```
JINA: (jina kamili la mtoto)  MIEZI 8, KILO 7
AMOXICILLIN 250 mg/5 ml

MPE ML 5 KWA MDOMO
  SAA 1 ASUBUHI (07:00)
  SAA 1 JIONI (19:00)
ANZA: JUMATATU 10/3 JIONI
DOZI YA MWISHO: JUMAMOSI 15/3 ASUBUHI (JUMLA 10)
MPE ZOTE HATA AKIPATA NAFUU

TIKISA CHUPA KABLA YA KUPIMA
WEKA NDANI YA FRIJI, SI KWENYE BARAFU
IMECHANGANYWA 10/3/2025
USITUMIE BAADA YA 16/3/2025. KINACHOBAKI MWAGA
MBALI NA WATOTO
(jina na simu ya famasi, aliyetoa)
```

Tarehe 16 hapo ni kwa chupa ya siku 7.

Ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu "ikihitajika" ikiachwa hivyo inamwachia mama aamue kila kitu. Inahitaji dalili ya kutoa, kiasi, muda wa chini kati ya dozi, na kikomo cha mchana na usiku mmoja. Cheti kimesema mara 3, basi hiyo ndiyo dari, hata kama parasetamoli kwa jumla huruhusiwa hadi mara 4.

```
JINA: (jina kamili la mtoto)  MIEZI 8, KILO 7
PARACETAMOL 120 mg/5 ml

MPE ML 4 KWA MDOMO AKIWA NA HOMA TU
SUBIRI MASAA 6 AU ZAIDI KABLA YA KUMPA TENA
ISIZIDI MARA 3 KWA MCHANA NA USIKU MMOJA
USIMPE DAWA NYINGINE YENYE PARACETAMOL
HOMA IKIPITA SIKU 3 (BAADA YA 13/3): RUDI KITUONI

JOTO LA CHUMBA, MBALI NA JUA
MBALI NA WATOTO
(jina na simu ya famasi, aliyetoa)
```

Mstari wa "dawa nyingine" una sababu. Dawa nyingi za mafua zinazouzwa madukani zina parasetamoli ndani, na mama hawezi kujua kwa kutazama picha ya boksi.

8. Pima pamoja naye

Kijiko cha chai cha nyumbani hakina ujazo mmoja. Kwa ml 5 kijiko cha plastiki cha kwenye boksi kinafaa kikijazwa hadi ukingo. Kwa ml 4 hakifai, kwa sababu mtu atakisia "pungufu kidogo". Toa bomba la sindano la ml 5, bila sindano, na uweke alama ya wino kwenye mstari wa 4. Bomba hilo litabaki na alama yake, kwa hiyo mwambie ni la parasetamoli peke yake.

Usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo. Mpe bomba na kikombe cha maji: "Mama, nionyeshe hii ya homa utavuta mpaka wapi." Kisha mpe chupa ya amoksilini: "Na hii, jioni ya leo utampa saa ngapi, na ya mwisho ni lini?" Mwache asome lebo mwenyewe. Akisita kwenye mstari fulani, tatizo liko kwenye mstari huo; uandike upya kabla hajaondoka. Kama hasomi, chora jua na mwezi kando ya saa, na muulize nani nyumbani anasoma.

Mwisho wa mazungumzo mwambie mambo mawili yasiyotosha kwenye karatasi. Akisahau dozi ya amoksilini, ampe anapokumbuka, lakini asimpe mbili kwa pamoja. Na mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, amrudishe kituoni siku hiyo hiyo, hata kama chupa bado ina dawa.